Bei ya Siku Bila Tarehe ya Malipo Ni Nusu ya Bei

Simu ya wakala wa ajira huwa fupi. Ana mteja, kampuni ya Nairobi inayotaka mhasibu wa mkataba wa miezi mitatu, na kabla hajakata anauliza: "Kwa siku unachaji ngapi?" Wengi wetu huchukua mshahara wa mwezi tuliokuwa tukilipwa, tukaugawa kwa siku 22, tukataja jibu palepale. Hesabu hiyo ni nyepesi, na karibu kila mara inamwibia anayeipiga.

Tuseme mhasibu huyo alikuwa ameajiriwa kwa shilingi 180,000 kwa mwezi. Akigawa kwa 22 anapata kama shilingi 8,200 kwa siku. Lakini mshahara ule ulikuwa ukimlipa hata siku ambazo hakuwa kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili, na bado kuna sikukuu na siku za kuugua. Mtu wa mkataba anayelipwa kwa siku, asipofanya kazi halipwi.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye mwaka. Ukiondoa wikendi, mwaka una siku 260 za kazi. Toa 21 za likizo, kama 12 za sikukuu na 7 za ugonjwa. Kisha toa zile ambazo watu huzisahau, yaani siku za kukaa bila kazi baada ya mkataba mmoja kwisha na kabla ya mwingine kupatikana. Mimi ningeziweka 40, ingawa mwenye wateja wa kudumu anaweza kuzipunguza. Zinabaki siku 180 za kulipwa. Mshahara wa mwaka ulikuwa shilingi 2,160,000. Ongeza, tuseme, 360,000 za bima ya afya ya familia, laptopu, intaneti na mchango wa uzeeni ambao zamani mwajiri alikuwa akichangia upande wake. Jumla ni 2,520,000. Gawanya kwa 180 na utapata shilingi 14,000 kwa siku, au 1,750 kwa saa ikiwa siku ni ya saa nane.

Kati ya 8,200 na 14,000 hakuna tamaa yoyote. Mtu anayetaja 14,000 anajaribu tu kubaki pale alipokuwa. Basi ataje namba moja, kwa sauti ya kawaida. Ukisema "kati ya 12,000 na 14,000", wakala ataandika 12,000.

Akishakubali, mhasibu aulize hiyo siku ni ya saa ngapi. Kufunga hesabu za mwaka kunaweza kumweka mtu ofisini saa kumi kwa siku, na hapo ile 1,750 kwa saa imeshuka hadi 1,400 bila mtu kusema neno. Kama kazi yenyewe ina tabia ya kuvuka jioni, bei ya saa ina haki zaidi kuliko bei ya siku. Kama mteja anashikilia bei ya siku, mkataba utaje saa nane na useme zinazozidi zitalipwaje.

Swali la pili ni la njia ya malipo. Je, nitalipwa kwa ankara, au mtaniingiza kwenye orodha ya mishahara? Baadhi ya mawakala humwajiri mtu wao wenyewe na kumpeleka kwa mteja. Katika mpango huo, ile 14,000 itakatwa kodi ya mapato ya kila mwezi, NSSF, bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 kabla haijamfikia. Pia aulize waziwazi kama bei waliyokubaliana ni yake yeye au ni ile atakayotozwa mteja, kwa sababu kamisheni ya wakala hutoka katikati ya hizo mbili. Aliyekubali bei ya mteja akidhani ni yake atashtuka siku ya kulipwa.

Akilipwa kwa ankara, kuna kodi ya zuio. Mkazi wa Kenya anayetoa huduma ya kitaalamu hukatwa asilimia 5 na anayemlipa, malipo ya mwezi yakifika shilingi 24,000. Kwa siku 20 za kazi ankara ni 280,000, atakatwa 14,000 na kupokea 266,000. Fedha hiyo haijapotea. Inahesabiwa kama kodi aliyokwisha kulipa anapowasilisha ritani ya mwaka, mradi cheti chake kionekane kwenye iTax. Kisipoonekana, amdai aliyemkata mapema, kwa sababu bila cheti hicho ataonekana hajalipa.

Sasa tufike kwenye tarehe, ambako naona watu wanaumia kuliko kwenye bei. Wakala akisema "tunalipa siku 30", usiitikie bado. Siku 30 kutoka lini? Mhasibu wetu anaanza kazi tarehe 1 Machi. Mwezi ukiisha, meneja wa mteja anatia saini fomu ya siku alizofanya kazi, na tarehe 2 Aprili ankara inatumwa. Kama siku 30 zinahesabiwa kutoka tarehe ya ankara, fedha inatakiwa kuingia tarehe 2 Mei. Kama zinahesabiwa kutoka mwisho wa mwezi wa ankara, ni tarehe 30 Mei. Maneno yanafanana, lakini tofauti ni wiki nne za kodi ya nyumba na karo. Kwa mpango wa pili, mkataba wa miezi mitatu utakaribia kwisha kabla hajaona shilingi. Tena, meneja wa kutia saini akienda likizo bila kuacha mtu, ankara haiendi kokote. Mkataba umtaje mwenye saini na wa kumshikia nafasi.

Kuna sentensi moja mbaya kuliko zote: "Tutakulipa mteja akitulipa." Maana yake ni kwamba deni la kampuni usiyo na mkataba nayo limewekwa mabegani mwako. Wakala ndiye aliyemchagua mteja huyo na ndiye anayekula kamisheni, basi abebe yeye hatari hiyo. Mimi ningechukua 12,500 za kulipwa ndani ya siku 14 kuliko 14,000 zenye sentensi hiyo.

Haya yote yanaingia kwenye ujumbe mmoja, na uandikwe siku ileile ya simu: "Habari za mchana. Asante kwa mazungumzo yetu. Bei yangu ni shilingi 14,000 kwa siku ya saa nane, ikiwa ni kiasi changu kabla ya kodi ya zuio, nje ya kamisheni yenu. Nitatuma ankara kila mwisho wa mwezi, ilipwe ndani ya siku 30 kutoka tarehe ya ankara, bila kusubiri malipo ya mteja. Tafadhali nithibitishie, na unijulishe nani atatia saini fomu ya siku za kazi."

Wakala mzuri hujibu ujumbe huo siku hiyo au kesho yake, hata kama anataka kupunguza bei. Anayesema "wewe anza tu, hayo tutayamaliza baadaye" usimwanzie kazi mpaka ajibu kwa maandishi.