Ramadhani inabakiza siku ngapi? Tuhesabu wenyewe



Mwaka huu niliona hasara moja yenye karatasi na kalamu tu zingeweza kuizuia. Mama mmoja mkulima wa Maniema analima nyanya juu ya kuziuza mwanzo wa Ramadhani, wakati kwake wanunuzi wanaongezeka. Mwaka 2025, mfungo ulianza tarehe 1 Machi kwa wale wenye kufuata tangazo la Saudia. Yeye akaandika "1 Machi" kwa daftari yake, na akapanga mbegu za mwaka 2026 kufuatana na ile tarehe. Lakini Ramadhani ya 2026 ilianza tarehe 18 ao 19 Februari, kufuatana na nchi. Nyanya zake ziliiva wakati siku kama kumi za mfungo zimekwisha kupita, na wengine wamekwisha kujaza soko. Aliniambia: "Mtoto wangu, mwezi ulinikimbia."

Mwezi haukumukimbia. Ile daftari njo ilikuwa inahesabu kwa jua, na mfungo unahesabiwa kwa mwezi. Leo ni tarehe 1 Oktoba 2026. Tuhesabu pamoja Ramadhani inayokuja, ya mwaka 1448 wa Hijria.

Mwezi unazunguka toka mwandamo mmoja mpaka mwingine kwa siku 29 na nusu hivi. Njo maana miezi ya Hijria iko na siku 29 ao 30, haina 31. Miezi kumi na mbili inaleta siku 354, na miaka fulani 355. Mwaka wetu wa kawaida uko na 365 ao 366. Basi kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku 10, 11 ao 12. Haina msimu wake kama mahindi ya msimu A. Mwaka 2030 itaanza hata mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Sasa, tutajuaje kama mwaka uko na 354 ao 355? Kwa kalenda ya hesabu, yenye wataalamu wa nyota wametumia karne nyingi, miezi inapokezana: Muharamu siku 30, Safari 29, Rabiul-Awali 30, Rabiul-Thani 29, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ramadhani, mwezi wa tisa, inapata 30. Kisha katika kila miaka 30, miaka 11 inaongezewa siku moja kwa mwezi wa mwisho, Dhulhija. Ili kuijua, gawanya mwaka wa Hijria kwa 30 na uangalie kinachobaki. Kikibaki 2, 5, 7, 10, 13, 16, 18, 21, 24, 26 ao 29, ule mwaka uko na siku 355.

Tujaribu. Ramadhani iliyopita ilikuwa ya 1447. Ukigawanya 1447 kwa 30, inabaki 7. Saba iko kwa ile orodha, basi 1447 ulikuwa na siku 355. Sababu siku ya kuongeza inakuja mwishoni mwa Dhulhija, kisha Ramadhani, toka Ramadhani ya 1447 mpaka ya 1448 ni siku 355. Hapa wengi wanakosea: wanaangalia mwaka wenye wanaenda, na ni mwaka wenye wanatoka njo unaamua.

Kwa kalenda ya hesabu, Ramadhani ya 1447 ilianza tarehe 18 Februari 2026. Siku 365 zingetufikisha tarehe 18 Februari 2027. Lakini tuko na 355, zinapunguka 10. Tunarudi nyuma siku kumi: tarehe 8 Februari 2027, siku ya Jumatatu.

Zinabaki ngapi toka leo? Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 31, Januari 31: jumla 123. Hizo zinatufikisha tarehe 1 Februari. Ongeza 7 ufike tarehe 8. Ni siku 130.

Usiamini hesabu moja. Ipitishe njia ingine. Kwa ile kalenda, tarehe 1 Muharamu 1448 ilikuwa 17 Juni 2026. Toka pale mpaka leo zimepita siku 106. Toa Muharamu 30, Safari 29 na Rabiul-Awali 30, jumla 89. Zinabaki 17 zenye zimepita ndani ya Rabiul-Thani, basi leo ni tarehe 18 Rabiul-Thani. Mpaka mwezi huu uishe na tuingie tarehe 1 ya mwezi unaofuata, ni siku 12. Kisha Jumadal-Ula 30, Jumadal-Akhira 29, Rajabu 30, Shaabani 29. Jumlisha: 130. Njia mbili zimekutana.

Kama uko na Excel ya Kifaransa, andika hii kwa kisanduku kimoja, na kila asubuhi itakupa jibu (kisanduku kikikuonyesha tarehe, kibadilishe kiwe cha namba):

```
=DATE(2027;2;8)-AUJOURDHUI()
```

Lakini usiandike tarehe 8 kwa wino wa kudumu. Mwezi wa dini unaanza kwa kuona mwandamo, na siku ya Hijria inaanza jua likizama. Jioni ya tarehe 29 Shaabani, yenye kwa hesabu yetu ni Jumapili 7 Februari, watu wataangalia mbinguni upande wa magharibi. Wakiona mwezi, watafunga tarehe 8. Wasipouona, Shaabani inakamilishwa siku 30 na mfungo unaanza tarehe 9. Tena kuna nchi zenye kufuata tangazo la Saudia na zingine macho yao wenyewe; njo maana majirani wawili wanaweza kuanza siku tofauti, na simu yako ikaonyesha tarehe ya Hijria yenye kupita ao kupungua siku moja.

Je, tunaweza kukosea kwa wiki nzima? Hapana. Tarehe 6 Februari 2027 jua litapatwa, na litaonekana vile kwa sehemu za Amerika ya Kusini na Afrika ya Magharibi. Jua linapatwa tu wakati mwezi unapita kati yake na dunia, ni kusema mwezi wa zamani umeisha na mupya unaanza. Mwandamo unaonekana siku moja ao mbili kisha pale. Hesabu yetu iko mahali pake.

Turudi kwa mama yetu. Aina yake ya nyanya inakaa siku 30 kwa pepinyeri, na 70 kwa shamba mbele ya mavuno ya kwanza: siku 100. Ukitoa 100 kwa 130, zinabaki 30. Basi mbegu zinaingia pepinyeri tarehe 31 Oktoba, na miche inapandwa shambani tarehe 30 Novemba. Kama angeongeza tu mwaka mmoja kwa 18 Februari, angesia tarehe 10 Novemba na kuchelewa tena siku kumi. Mvua ikileta mildiu ao baridi ikichelewesha mimea, siku zinaweza kupita 100. Yeye ameamua kusia tarehe 26 Oktoba, apate siku tano za akiba. Siku moja ya mwandamo itamezwa na ile akiba, lakini siku kumi za daftari hazingemezwa.

Kwa daftari yake mpya hakuandika tena tarehe moja. Ameandika "8 ao 9 Februari", na chini yake: "Shaabani ikiingia, karibu 10 Januari, nihesabu tena 29 ao 30."