Akida wa Kapernaumu: alikuja mwenyewe au alituma watu?

Ukisoma Mathayo sura ya 8, akida wa Kapernaumu anamwendea Yesu kwa miguu yake, anamweleza kwamba mtumishi wake amelala nyumbani amepooza na anateseka, wanazungumza uso kwa uso, kisha Yesu anamwambia aende zake. Ukisoma Luka sura ya 7, akida huyo hatoki nyumbani kabisa. Kwanza anawatuma wazee wa Kiyahudi wakamwombee. Yesu anapokaribia nyumba, anawatuma rafiki zake wamzuie asijisumbue kuingia. Habari inakwisha bila wawili hao kuonana.

Huwezi kusema ni matukio mawili yaliyofanana kwa bahati. Mji ni uleule, mgonjwa ni mtumishi wa akida katika pande zote mbili, na maneno ya katikati yanalingana karibu neno kwa neno hata katika Kigiriki cha asili: kwamba hastahili Yesu aingie chini ya dari yake, kwamba neno moja tu linatosha, kwamba yeye naye ana wakubwa juu yake na askari chini yake, na anajua amri inavyofanya kazi. Mshangao wa Yesu nao ni uleule. Hajaona imani ya namna hiyo hata katika Israeli.

Kwa sababu hiyo habari hii inafaa sana kwa darasa la watu wazima la kanisani, hasa lile ambalo wanafunzi wake wameisikia Biblia miaka mingi na wanadhani wanaijua. Darasa ninalolielezea hukutana baada ya ibada. Mwalimu anagawa karatasi zenye safu mbili, Mathayo kushoto na Luka kulia, lakini anaanza kwa kuwataka wakunje karatasi ili waone safu ya Luka peke yake. Wanasoma aya kumi kwa sauti. Kisha anauliza swali linaloonekana la kitoto: katika habari hii, akida alipomwona Yesu alisema nini?

Karibu darasa zima linajibu kwamba alisema hastahili. Wamesoma muda huohuo kwamba ni rafiki zake waliosema, wala akida hakuwepo. Macho yalisoma Luka, kichwa kikajaza Mathayo. Kuchanganya huku ndilo kosa la kwanza katika kazi ya kulinganisha Injili, na halitokani na ujinga. Linampata zaidi aliyesoma sana, kwa kuwa ana habari nyingi kichwani za kuzibia mapengo. Dawa yake ni ileile ya karatasi iliyokunjwa: soma mmoja hadi umalize, andika pembeni nani yuko wapi na nani anasema na nani, ndipo ufungue safu ya pili.

Karatasi ikishafunguliwa, kalamu za rangi zinatembea. Kilichomo kwa wote wawili kinapigwa mstari wa bluu, cha Mathayo peke yake kijani, cha Luka peke yake nyekundu. Baada ya dakika kama ishirini rangi zenyewe zinasema jambo. Bluu imerundikana katikati, kwenye mazungumzo. Nyekundu imejaa mwanzoni, kwenye ujumbe wa wazee na sifa wanazompa akida: analipenda taifa letu, ametujengea sinagogi. Kijani kiko mahali pamoja karibu na mwisho, pale Yesu anapotangaza kwamba wengi watatoka mashariki na magharibi na kuketi pamoja na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, huku wana wa ufalme wakitupwa nje gizani.

Mzee mmoja, karani mstaafu, anaweka kalamu chini. "Mwalimu, hapa mmoja amesema uongo au sivyo?"

"Tusikimbilie huko, mzee wangu," anajibiwa. "Tuanze na jibu la zamani, tuone linatufikisha wapi."

Jibu hilo ni la Agostino, askofu wa Hipo huko Afrika ya Kaskazini, aliyeandika kitabu kizima juu ya kupatana kwa Injili nne mnamo mwaka 400. Alisema kwamba anayefika kwa kupitia wajumbe amefika, na watu husema hivyo kila siku. Darasa la Waswahili halihitaji maelezo marefu hapo. Mshenga akienda ukweni kuposa, kesho yake watu husema fulani ameposa kwa mzee fulani, ingawa fulani mwenyewe alikuwa kwao amekaa. Mathayo basi amefupisha, amemtaja mwenye haja na kuwaacha washenga wake.

Jibu hili lina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, maana Luka mwenyewe analiunga mkono bila kukusudia. Tazama rafiki wanavyosema wanapomkuta Yesu njiani. Hawasemi kwamba akida anaona hastahili. Wanasema mimi sistahili, mimi ni mtu niliye chini ya mamlaka, mimi nina askari. Mjumbe anasema kwa kinywa cha aliyemtuma. Wafute wale rafiki kwa kidole kisha usome tena, utaona umebaki na mazungumzo ya Mathayo yakiwa mazima.

Lakini linabana mahali pamoja. Mwishoni mwa habari ya Mathayo, Yesu anamwambia akida aende, na itakuwa kwake kama alivyoamini. Mtu ambaye hajatoka nyumbani huambiwi umwambie aende. Mathayo hakufupisha tu. Anataka msomaji amwone mtu huyu amesimama mbele ya Yesu. Wapo walimu wa zamani waliojaribu kusema kwamba akida alituma wazee, akatuma rafiki, halafu akatoka mwenyewe. Hilo linawafurahisha wapenda maridhiano, ila linamharibu Luka, ambaye kwake akida anatoa sababu ya kutokuja: hakujiona anastahili hata kumwendea Yesu. Ukimtoa nje ya nyumba, umelifuta neno hilo.

Hapo ndipo darasa linapobadilisha swali. Badala ya kuuliza nani kakosea, linauliza kila mwandishi ana mazoea gani, na je, tunaweza kuyathibitisha mahali pengine? Sharti la pili ni la lazima. Ukisema Mathayo hupenda kuondoa wajumbe kwa sababu ya habari hii moja, umezunguka palepale.

Uthibitisho unapatikana kwa binti wa Yairo. Katika Marko sura ya 5, Yairo anakuja kusema binti yake yu karibu kufa. Wakiwa njiani wanatokea watu kutoka nyumbani na taarifa kwamba amekwisha kufa. Katika Mathayo sura ya 9, baba anafika na maneno kwamba binti amekufa sasa hivi. Wale waleta taarifa hawapo tena, na ujumbe wao umetiwa kinywani mwa baba. Habari ambayo kwa Marko ina aya 23 imekuwa aya 9. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Mathayo aliandika akiwa na Marko mbele yake, kwa hiyo hapa tunaona mkono wake ukifanya kazi: anapunguza watu wa pembeni ili wabaki wawili, mwenye haja na Yesu, na imani iwe kati yao.

Habari ya akida haimo katika Marko. Wengi hudhani Mathayo na Luka waliipata katika mkusanyo wa maneno ya Yesu uliopotea, ambao wataalamu huuita Q; wengine hukataa kwamba mkusanyo huo ulikuwepo na husema Luka alimsoma Mathayo. Darasa halilazimiki kuamua ugomvi huo. Linaloonekana kwa macho ni kwamba mazungumzo yalikuwa yameshikwa imara kabla hayajawafikia wawili hawa, na fremu ya kuyazunguka ilikuwa legelege zaidi.

Luka naye anapimwa vivyo hivyo, na yeye ni rahisi zaidi kwa sababu aliandika vitabu viwili. Fungua Matendo ya Mitume sura ya 10. Yupo akida mwingine, Kornelio wa Kaisaria, si Myahudi, anatoa sadaka, anasifiwa na taifa lote la Wayahudi, na anatuma watu wakamwite Petro kutoka Yafa. Sifa zinazomtangulia na ujumbe unaotumwa vinafanana mno na vya Kapernaumu. Kwa Luka, yule wa kwanza anamwandalia njia wa pili. Mtu wa mataifa anasikia habari za Yesu kwa mbali, anaamini bila kumwona, na Wayahudi wenyewe ndio wanaomwombea. Kornelio atakutana na Petro, na wasomaji wa Luka, ambao wengi wao hawakuwa Wayahudi wala hawakupata kumwona Yesu, walijikuta wamekaa upande uleule wa akida.

Kuna jambo jingine ambalo rangi nyekundu imelileta juu. Wazee wanasema anastahili, kwa sababu ametoa fedha za sinagogi. Huo ulikuwa utaratibu wa kawaida katika dola ya Kirumi: mfadhili hujenga, wafadhiliwa hulipa kwa kumsemea. Mara rafiki wanafika na neno la mtu mwenyewe, kwamba hastahili. Luka ameziweka kauli hizo mbili karibu ili zigongane. Mathayo, aliyewaondoa wazee, hana mgongano huo na hauhitaji. Ukali wake uko kwenye ile kijani ya mashariki na magharibi, maneno ambayo Luka pia anayo, ila ameyaweka sura ya 13, katika mafundisho ya mlango mwembamba, akaongeza kaskazini na kusini. Kwa Mathayo akida anakuwa mtu wa kwanza katika msafara wa mataifa, na Waisraeli wanaosikia wanaonywa palepale.

Mama mmoja anauliza kama basi Yesu alisema maneno hayo Kapernaumu au safarini kwenda Yerusalemu. Mwalimu anamjibu bila kuzunguka kwamba kwa safu hizi mbili haiwezi kujulikana. Waandishi walipokea misemo mingi bila mahali wala saa, na kila mmoja aliipanga pale ilipomsaidia msomaji wake. Karani mstaafu anatikisa kichwa. Hajaridhika, na kusema kweli ana haki. Maelezo ya mazoea ya mwandishi yanatueleza kwa nini safu hizi zinatofautiana; hayatuambii nani hasa alisimama barabarani siku ile.

Na mazoea si sheria. Kazi ya nyumbani inalionyesha hilo. Katika Marko sura ya 10, Yakobo na Yohana wanaomba wenyewe viti vya kulia na kushoto vya Yesu. Katika Mathayo sura ya 20 anayeomba ni mama yao. Mathayo yuleyule aliyewafuta wajumbe wa Yairo sasa amemwingiza mmoja. Wanafunzi wanatakiwa kutafuta sababu, na wanapewa alama mbili tu za kuanzia: jibu la Yesu katika Mathayo haliendi kwa mama, linaelekezwa kwa watu zaidi ya mmoja, na wale mitume kumi waliposikia waliwakasirikia ndugu wawili.