Skripti ya Video ya Kupima Pawabenki

Katika skripti ya video ya kupima pawabenki, udhamini hutajwa kwa mdomo mwanzoni, kabla ya sifa yoyote: "Kampuni imenipa pawabenki hii bure na kunilipa." Kuuficha kwenye maelezo yaliyo chini ya video hakutoshi, kwani watazamaji wengi hawayafungui.

Ulinganisho huwa wa haki pawabenki zote mbili zikijazwa kabisa, kisha zichaji simu ileile. Iliyoandikwa mAh 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri; kwa volti 5 zinazoingia kwenye simu hubaki 14,800, na joto hula nyingine. Kuiita hiyo wizi ni kuonea, maana hata mshindani yuko hivyo. Kasoro ya kutajwa ni kutoa chaji kidogo kuliko mwenzake wa ujazo uleule.