Homa Ilitangulia Antibayotiki: Ripoti ya Mgonjwa Mmoja Aliyedhurika na Dawa

Ripoti ya mgonjwa mmoja ni makala fupi ya jarida la kitabibu inayoeleza yaliyompata mtu mmoja, kwa mpangilio unaomwezesha daktari aliye mbali kuikagua kila hatua. Kwa athari adimu za dawa, maandishi ya aina hii hufanya kazi ambayo majaribio makubwa hayaiwezi. Dawa iliyojaribiwa kwa watu 3,000 inaweza kupita bila kuonyesha hata mara moja dhara linalompata mmoja kati ya 10,000. Desemba 1961 jarida la Lancet lilichapisha barua ya mistari michache ya daktari wa uzazi wa Australia, William McBride, aliyeona watoto wenye viungo vyenye kasoro wakizaliwa na kina mama waliotumia thalidomaidi, akauliza kama wenzake nao wameona hivyo. Huko Ujerumani Widukind Lenz alikuwa amefikia shaka hiyohiyo kwa njia yake.

Athari inayofaa kuonyesha jinsi ripoti hizi zinavyojengwa ni ile inayojulikana kwa ufupisho wa DRESS. Ni mzio mkali unaoanza kwa homa na vipele, kisha unaingia ndani ya mwili: ini, figo, mapafu au moyo. Baadhi ya wagonjwa hufariki, wengi wao kwa sababu ya ini kushindwa kufanya kazi. Dawa zinazotajwa mara nyingi ni karbamazepini na fenitoini za kifafa, alopurinoli ya jongo, dapsoni, nevirapini na baadhi ya dawa za sulfa. Kinachoitofautisha na mizio mingine ni kuchelewa kwake. Mtu anayedhurika na sindano ya penisilini huweza kuanguka ndani ya dakika chache, lakini DRESS hujitokeza kati ya wiki ya 2 na ya 8 tangu dawa ianze. Kufikia hapo mgonjwa amekwisha kuizoea dawa yake, na wala haimjii akilini kuituhumu.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo, ila mwenendo wake ni wa kawaida kwa ugonjwa huu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu anaanza karbamazepini, miligramu 200 mara mbili kwa siku, baada ya kugundulika kuwa na kifafa. Siku ya dozi ya kwanza huandikwa Siku ya 1. Siku ya 15 dozi inaongezwa. Siku ya 24 anapata homa na koo linauma. Kesho yake, katika zahanati, kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, naye anapewa amoksisilini na parasetamoli. Siku ya 27 vipele vinatoka kifuani na kusambaa hadi mapajani. Siku ya 30 anafika hospitali ya rufaa akiwa na joto la nyuzi 39, uso umevimba, mitoki imejaa shingoni na kwapani. Damu inaonyesha seli za eosinofili mara tano ya kiwango cha juu cha kawaida, na kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT kimepanda mara kumi.

Simulizi ya haraka ingesema: mgonjwa alipewa amoksisilini, siku mbili baadaye akatoka vipele, kwa hiyo ana mzio wa amoksisilini. Maneno hayo yangeandikwa kwenye kadi yake, karbamazepini ingeendelea, na ini lingezidi kuharibika. Anayeuvunja uamuzi huo ni mstari mmoja wa kalenda: homa ilianza Siku ya 24, amoksisilini Siku ya 25. Ndiyo maana mwongozo wa CARE wa mwaka 2013, unaofuatwa na majarida mengi, unataka ripoti iwe na ratiba ya matukio. Mwandishi anayeandika tu kwamba vipele vilitokea "wiki chache baada ya matibabu" amemnyima msomaji ushahidi wenyewe.

Kuipata ratiba ya kuaminika ni kazi ya upelelezi. Mgonjwa mwenye homa hakumbuki tarehe, na ndugu zake hukumbuka siku kwa matukio: kabla ya msiba, baada ya mshahara. Mwandishi makini hukusanya kadi ya kliniki, risiti ya duka la dawa na maboksi yenyewe. Vidonge vilivyobaki vikihesabiwa na kulinganishwa na tarehe ya kununuliwa, hujulikana kama dawa ilimezwa kila siku au iliachwa na kuanzwa tena. Picha iliyopigwa kwa simu nyumbani huwa na tarehe na saa. Ikionyesha kifua kisicho na kipele Siku ya 26, inathibitisha jambo ambalo kumbukumbu ingelipinda. Dawa za mitishamba na vidonge vya kuazima kwa jirani huulizwa kwa majina na bila kufoka, kwa kuwa mgonjwa anayeogopa kukemewa atasema hakumeza kitu.

Maelezo ya ngozi nayo yanahitaji uangalifu. Vitabu vingi huandika "vipele vyekundu", ilhali kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni madoa ya zambarau au yaliyo meusi kuliko ngozi inayoyazunguka, na kidole kikipitishwa juu yake husikia mwinuko. Uvimbe wa uso huonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na picha ya zamani ya mgonjwa mwenyewe. Ripoti hutaja pia yasiyokuwapo. Ngozi haikubabuka, na midomo na macho havikuwa na vidonda. Hayo yanaiweka mbali na ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao matibabu yake ni tofauti.

Karbamazepini inasimamishwa Siku ya 30. Kwa kuwa kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuleta degedege lisilokoma, mgonjwa anawekewa mbadala siku hiyohiyo. Fenitoini na fenobabitoni hazifai, maana muundo wake unakaribiana na wa karbamazepini na mwili unaweza kuzipokea kwa hasira ileile. Levetirasetamu ni salama zaidi kwake. Siku ya 31 anaanza prednisoloni. Vipimo vya ini vinazidi kupanda hadi Siku ya 34 ndipo vinaanza kushuka, na hili huandikwa wazi ili msomaji asidhani kuacha dawa huleta nafuu papo hapo. Siku ya 48, baada ya prednisoloni kupunguzwa haraka mno, homa na vipele vinarudi. Dozi inapandishwa, kisha inashushwa polepole kwa wiki kumi.

Baada ya matukio huja swali la uhusiano: ni kweli karbamazepini ndiyo iliyosababisha? Kipimo kinachotumika sana ni cha Naranjo, kilichochapishwa mwaka 1981, chenye maswali kumi. Alama 9 au zaidi humaanisha hakika, 5 hadi 8 yaelekea, 1 hadi 4 yawezekana. Kwa mgonjwa huyu, athari imewahi kuripotiwa kwa dawa hii, alama 1. Ilitokea baada ya dawa kuanza, 2. Alipata nafuu baada ya dawa kuachwa, 1. Hakuna sababu nyingine inayotosha kuieleza, 2. Vipimo vya maabara vimethibitisha tukio, 1. Jumla ni 7, yaani yaelekea.

Mhakiki wa jarida hataishia kwenye jumla hiyo. Atauliza kama homa ya ini ya virusi ilipimwa. Ikiwa haikupimwa, zile alama 2 za kukosekana kwa sababu nyingine zinaondoka na kubaki 5. Atauliza tena nafuu ilitokana na nini, kuachwa kwa karbamazepini au prednisoloni iliyoanza kesho yake? Alama hiyo nayo ikiondolewa, zinabaki 4, na neno linashuka kuwa "yawezekana". Swali la kama athari ilirudi dawa iliporejeshwa huachwa na sifuri yake, kwa kuwa kumrejeshea mgonjwa dawa iliyomletea DRESS ni kuhatarisha maisha yake. Mwandishi mwaminifu huyataja mapengo haya mwenyewe. Pia hasemi lolote kuhusu athari hii inatokea mara ngapi, kwani mtu mmoja hana asilimia.

Hapo ndipo ratiba inapogongana na faragha. Tarehe kamili, jina la wilaya, kazi ya mgonjwa na ugonjwa adimu vikikaa pamoja, majirani watamtambua hata kama jina halipo. Ndiyo sababu matukio huhesabiwa kuanzia Siku ya 1 badala ya kutajwa kwa kalenda, na umri hutajwa kwa muongo pale usipobadilisha tafsiri. Kubadilisha taarifa za kweli, kwa mfano kumfanya mwanamke kuwa mwanamume, hakukubaliki. Huko ni kughushi ushahidi. Mstari mweusi juu ya macho kwenye picha nao hautoshi, maana ndugu humtambua mtu kwa kidevu, kovu au kitambaa cha kichwani.

Ridhaa ya matibabu haitoshi kuwa ridhaa ya kuchapisha. Fomu ya pili husainiwa, tena mgonjwa akiwa amepata nafuu, kwa sababu aliyelazwa akiwa na homa huweza kudhani akikataa atanyimwa dawa. Huelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba kukataa hakutaathiri huduma yake, kwamba makala itasomwa na yeyote mtandaoni, na kwamba anaweza kughairi kabla ya kuchapishwa lakini baada ya hapo haitawezekana kuirudisha yote. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi na kuweka dole gumba. Kwa mtoto husaini mzazi au mlezi, na kwa marehemu husaini ndugu wa karibu.

Tamko linaloingia kwenye makala huwa fupi: "Mgonjwa alitoa ridhaa ya maandishi ya kuchapishwa kwa taarifa na picha zake, baada ya kuelezwa kwa Kiswahili. Alielezwa kuwa jina lake halitatajwa, na kuwa haiwezekani kumhakikishia kwamba hatatambulika kabisa. Alisomewa rasimu ya mwisho na kuikubali." Tamko halitaji jina, na fomu yenye saini hubaki kwenye faili la hospitali. Baadhi ya majarida hutaka fomu yao wenyewe itumike, kwa hiyo huulizwa mapema, kabla mgonjwa hajarudi kijijini na namba yake ya simu kubadilika.

Jarida huweza kuchukua miezi kabla ya kuchapisha. Kwa hiyo athari huripotiwa mara moja kwa mamlaka ya dawa, TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya, ambako taarifa hutumwa katika hazina ya Shirika la Afya Duniani inayotunzwa Uppsala, Sweden. Taarifa hiyo haisubiri uthibitisho. Shaka yenye sababu inatosha. Mgonjwa naye hupewa kadi ya kutembea nayo yenye majina ya karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, na vipimo vyake vya tezi ya shingo hurudiwa kwa miezi kadhaa, kwani DRESS huweza kuishambulia tezi hiyo baada ya ngozi kupona.