Koli iko "Pending": ulalamike lini?

Wengi wetu huku Lubudi tunaangalia neno moja tu kwenye simu: "Pending", ao "En attente". Mimi naona lile neno peke yake halisemi kitu. Kinachosema ni mustari wa chini yake: tukio la mwisho, pahali na tarehe.

Koli ya posta haifuatwi njia yote. Inajulikana tu pale mtu anaposoma nimero yake kwa mashini: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za inchi ilikotoka, kama BE kwa Ubelgiji. Inasomwa ikitoka kule, ikifika Kongo, ikiingia duane, ikitoka duane, na ikifika biro ya mwisho. Kati ya hapo ni kimya. Kutoka Lubumbashi mpaka huku ni barabara ao treni, na wote tunajua mwendo wake. Kimya cha njiani si njo kupotea.

Lakini kimya cha duane ni kingine. Dada yangu alinitumia vitabu vya jiolojia kwa memwari yangu, akaviposti Ubelgiji tarehe 6 Januari. Mwezi wa pili "Pending" ilikuwa ingali pale, na mustari wa chini ulisema "Retenu par la douane". Hapo malalamiko hayangesaidia: koli haikupotea, ilikuwa inangojea karatasi. Dada alinitumia fakture ya duka, nikaipeleka pamoja na kopi ya kitambulisho. Siku tisa kisha mustari ukabadilika.

Je, kama mustari ungekuwa unasema tu "imetoka Ubelgiji", na wiki sita zinapita? Mimi ningeanza. Lakini si mimi ningeandika, ni dada. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, mara nyingi mtumaji njo anafungua uchunguzi kwenye posta alikolipia, na posta ile inauliza ya huku. Mpokeaji anayepiga kelele kwenye giché ya Kongo anaweza kuchoka bure (giché nayo ina foleni yake). Kwa hiyo mwambie mtumaji asitupe risiti.

Tarehe njo inaumiza watu. Uchunguzi unapokelewa ndani ya miezi 6, kuhesabu kutoka kesho yake ya siku ya kuposti. Kwa koli ya 6 Januari, hesabu inaanza 7 Januari, na mwanzoni mwa Julai mlango unafungwa. Mtu anayesema "tungojee kidogo" mpaka likizo kubwa anaweza kukuta haki imeisha, hata kama koli kweli imepotea.

Makampuni binafsi ya kusafirisha yana masharti yao, na mara nyingi muda wao ni mfupi zaidi. Yasome nyuma ya bordero siku ileile, mbele ya kuanza kungojea.