Ukitoa hela nje ya nchi, unakatwa na watu wawili

Wanachuo wenzangu, kila mwaka wapo wenzetu wanaosafiri. Mmoja anakwenda mkutano wa vijana, mwingine programu ya kubadilishana wanafunzi, mwingine anakwenda kumsalimia dada yake anayefanya kazi huko. Wengi wanabeba kadi ileile ya benki inayopokea bumu na wanaitegemea hiyohiyo. Wakirudi, malalamiko yanafanana: "Benki imenila hela." Mara nyingi benki imekula kweli, ila haikula peke yake. Kuna mkono wa pili uliopitia hapo, na usipoujua utakwenda kugombana na mtu wa kaunta ambaye hana cha kukurudishia.

Tuanze na hapa nyumbani. Ukimtumia mdogo wako hela kwa simu, unakatwa ya kutuma. Yeye akienda kwa wakala, anakatwa ya kutolea. Ni makato mawili katika safari moja ya hela, na hakuna anayeshangaa kwa sababu tumeshazoea, hata tunaambiana "weka na ya kutolea." Kutoa hela nje ya nchi kuna makato mawili pia. Tofauti ni kwamba yote mawili yanakuangukia wewe kwa wakati mmoja, tena moja limejificha ndani ya kiasi ulichotoa.

Kato la kwanza ni la mwenye mashine. Huyu ni benki au kampuni ya huko uliko, ambayo imenunua mashine, inalipa pango la mahali ilipowekwa na inaijaza noti. Wewe si mteja wake. Kwa hiyo anakutoza ada ya kutumia mashine yake, na kwa kawaida ni kiasi kisichobadilika: utoe kidogo, utoe kingi, ada ni ileile.

Kato la pili ni la benki yako iliyokupa kadi. Hili mara nyingi lina sehemu mbili: kiasi maalumu kila unapotoa hela nje ya nchi, na asilimia fulani ya kiasi kilichotolewa kwa sababu fedha ni ya kigeni.

Mtu anaweza kuuliza: kwani benki yangu haimlipi mwenye mashine? Inamlipa. Kila unapotumia mashine ya benki nyingine, mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, unahakikisha benki yako inampa mwenye mashine malipo yake kwa kazi aliyoifanya. Ndiyo maana kule Marekani, hadi mwaka 1996, mitandao hiyo iliwazuia wenye mashine kumtoza mteja ada ya juu, ilionekana wameshalipwa. Mwaka huo zuio likaondolewa, na mwenye mashine akaanza kulipwa kote kuwili: na benki yako kwa upande wa nyuma, na wewe kwa upande wa mbele. Benki yako nayo, kwa kuwa inalipia kila unapotoa, inakukata ili kufidia gharama hiyo na kupata faida yake. Hakuna anayemhesabia mwenzake. Kila mmoja anakata kivyake.

Sasa tuichukue nchi moja ambako jambo hili linaonekana wazi: Tailandi. Huko kadi ya kigeni ikiingia kwenye mashine, ada iliyozoeleka kwa miaka mingi ilikuwa baht 220 kwa kila mara unapotoa, na benki karibu zote zinatoza, hivyo kuzunguka mtaani kutafuta mashine ya bure ni kuchosha miguu.

Tuseme mwenzetu wa mwaka wa tatu amekwenda Bangkok kwa mkutano wa wiki moja, na anahitaji baht 8,000 za chakula na nauli. Ili hesabu iwe nyepesi, tuseme baht moja ni shilingi 75. Tuseme pia benki yake inatoza shilingi 8,000 kila anapotoa hela nje, pamoja na asilimia 2 ya kiasi. Benki yako inaweza kuwa na viwango vingine, lakini njia ya kupiga hesabu ni hii hii.

Siku ya kwanza anaogopa kutembea na hela nyingi, kwa hiyo anatoa baht 2,000 tu, ambazo ni shilingi 150,000. Mashine inamwonyesha kwenye skrini kwamba kuna ada ya baht 220 na inamuuliza kama anaendelea. Anakubali. Anapokea noti za baht 2,000, lakini mashine inapeleka kwa benki yake dai la baht 2,220. Hapo ndipo kato la kwanza linapojificha: limeshaungana na hela aliyotoa na kuwa kiasi kimoja.

Benki yake inapokea dai hilo na kulibadilisha kuwa shilingi 166,500. Juu yake inaweka asilimia 2, yaani 3,330, halafu ile 8,000. Angalia vizuri: asilimia 2 imepigwa juu ya baht 2,220, siyo 2,000. Maana yake anatozwa hata juu ya ada ya mwenye mashine. Jumla inayotoka kwenye akaunti ni 177,830. Kati ya hizo, 16,500 ni za mwenye mashine na 11,330 ni za benki yake. Amelipa 27,830 ili ashike 150,000 mkononi, karibu asilimia 19.

Akiendelea na mtindo huo mara nne hadi apate baht 8,000 zake, makato yanafika shilingi 111,320. Kama angetoa zote kwa mara moja, dai lingekuwa baht 8,220, sawa na 616,500. Asilimia 2 ni 12,330, na ile 8,000 inakatwa mara moja tu. Makato yote yangekuwa 36,830. Hela ni ileile, mashine ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 74,490. Kinachomuumiza siyo ile asilimia, kwa sababu asilimia inakua na kiasi kwa vyovyote vile. Kinachomuumiza ni ada mbili zisizobadilika, ile ya baht 220 na ile ya 8,000, ambazo zinaanza upya kila kadi inapoingia.

Je, utajuaje nani amekukata kiasi gani? Tunza risiti ya mashine. Risiti inaonyesha kiasi ulichotoa na ada ya mwenye mashine, kwa fedha ya huko. Halafu fungua taarifa ya akaunti yako. Utakuta mstari wa kutoa hela, na mara nyingi mstari mwingine, au meseji nyingine ya simu, wenye ada ya benki. Chukua ule mstari wa kwanza ugawanye kwa kiasi cha noti ulizopokea. Katika mfano wetu, 166,500 gawanya kwa 2,000 inatoka 83.25, na mtu atasema benki imempa bei mbaya ya kubadilisha fedha. Sasa gawanya kwa 2,220, yaani pamoja na ada. Inatoka 75 kamili. Bei ilikuwa sawa. Kilichozidi ni cha mwenye mashine. Kama hata baada ya kujumlisha ada bado bei haielekei, kumbuka kwamba benki nyingine hazionyeshi asilimia yao kwenye mstari wake, zinaichanganya humohumo kwenye bei. Hapo una swali halali la kuipelekea benki.

Kujua nani kakata nini kunakusaidia pia kwenye kulalamika. Ada ya mwenye mashine ambayo uliiona kwenye skrini ukaikubali, benki yako haiwezi kukurudishia kwa sababu haikuipokea yenyewe. Ukiiona ni kubwa, muda wa kukataa ni palepale: bonyeza kufuta, chukua kadi yako, na ada hiyo haitakatwa. Lakini kama mashine haikutoa noti na akaunti imekatwa, usihangaike na mwenye mashine. Piga simu benki yako, kwa sababu ndiyo inayofungua dai kupitia mtandao wa kadi. Waambie tarehe, saa, mahali na kiasi. Risiti hapo ni dhahabu.

Kuna kitu cha tatu kinachofanana na ada ila si mojawapo ya hizi mbili, na kinawapata wengi. Baadhi ya mashine zinakuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi badala ya fedha ya huko. Inaonekana ni wema, maana unaiona namba unayoielewa. Kumbe bei hiyo amepanga mwenye mashine, na kwa kawaida ameshaweka faida yake ndani. Ukiona maneno `Accept conversion` na `Decline conversion`, chagua la pili. Kukataa hapo si kukataa hela. Noti zinatoka kama kawaida, na benki yako ndiyo inayobadilisha.

Kutoa kingi kwa mara moja nako kuna mipaka yake. Kadi ina kiwango cha juu kwa siku, na mashine ina kiwango chake kwa kila mara. Halafu kutembea na furushi la noti kwenye mji usioujua ni hatari, na baht zikibaki utapoteza tena ukizibadilisha. Kwa hiyo piga hesabu ya matumizi ya wiki nzima kwanza, kisha utoe mara moja au mbili. Dukani au hotelini wanapopokea kadi, lipia kwa kadi. Hapo ile ada ya mwenye mashine haipo, na kwa kawaida unabaki na asilimia ya benki yako tu.

Kabla hujapanda ndege, pita tawini na uulize mambo manne. Kila nikitoa hela nje mnakata shilingi ngapi? Mnaongeza asilimia ngapi kwa fedha ya kigeni? Kiwango changu cha siku ni kipi, na kadi imefunguliwa kutumika nje? Nikiangalia salio tu kwenye mashine ya huko, au muamala ukikataliwa, mnakata? Hili la mwisho linasahaulika, na kuna benki zinazokata. Majibu yaandike kwenye simu. Ukifika kwenye mashine, ada ya mwenye mashine utaisoma kwenye skrini, utajumlisha na ulichoandika, na utajua gharama ya hizo noti kabla hazijatoka.