Utambulisho wa Nusu Dakika Kutoka Kwenye Wasifu

Utambulisho wa sekunde 30 ni maneno machache ambayo mtu huyasema anapokutana na wageni katika hafla ya wadau, ili wajue anafanya nini na waone kama wana la kuzungumza naye. Kwa Kiswahili cha mwendo wa kawaida, nusu dakika hutosha maneno 50 hadi 60 hivi, salamu zikiwemo. Wasifu ulioandikwa kwa ajili ya kitabu cha mkutano huwa na maneno mara mbili au tatu ya hayo, na umepangwa kwa jicho. Msomaji akipotea hurudi nyuma, lakini msikilizaji aliyesimama na kikombe cha chai katikati ya kelele hana pa kurudi.

Tuseme mtaalamu wa chakula wa Dodoma anajiandaa kwa mkutano wa wafanyabiashara wa nafaka. Wasifu wake unasema hivi: “Ni mtaalamu wa teknolojia ya chakula mwenye uzoefu wa miaka 12 katika usimamizi wa mazao baada ya mavuno. Ana shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ameratibu miradi mitatu ya kujenga uwezo wa wakulima wadogo mkoani Dodoma na ameandaa miongozo ya udhibiti wa sumukuvu.” Yote ni kweli, na karibu yote hayasemeki. Akiyageuza tu kutoka “ana” kuwa “nina”, atasikika kama anayesoma barua ya maombi ya kazi.

Kazi ya kwanza ni kutafuta kitendo kilichofichwa ndani ya majina marefu. “Usimamizi wa mazao baada ya mavuno” ni nini hasa, mtu akiwa shambani? Ni kuwafundisha wakulima kukausha mahindi hadi unyevu ushuke, kuyapima, na kuyahifadhi yasiote ukungu unaoleta sumukuvu. Hapo ndipo utambulisho ulipo. Shahada na miaka 12 vinaweza kubaki kwenye karatasi, kwani anayevihitaji atauliza.

Kazi ya pili ni kuchagua tukio moja litakalobeba uzito wa miradi yote mitatu. Msikilizaji hakumbuki idadi ya miradi, ila hukumbuka kilichowapata watu. Baada ya kukata na kupanga upya, mtaalamu huyo anaweza kusema, akianza na jina lake:

“Habari za asubuhi. Nawafundisha wakulima wa Kongwa na Kondoa kukausha na kuhifadhi mahindi ili yasipate sumukuvu. Kikundi kimoja kilikuwa kikirudishiwa mzigo sokoni kwa sababu ya unyevu. Siku hizi wanapima wenyewe kabla ya kupakia. Natafuta wenye viwanda vya unga wanaotaka mahindi yaliyopimwa. Ninyi mahindi yenu mnayatoa wapi?”

Swali la mwisho si pambo. Wengi humaliza kwa “hayo ndiyo machache niliyonayo”, na mazungumzo hufia hapo. Swali linalohusu kazi ya msikilizaji humpa la kujibu papo hapo. Jina nalo lina shida yake: likitamkwa haraka mwanzoni, kabla sikio halijazoea sauti ya msemaji, hupotea. Ni vyema litamkwe taratibu, kisha lirudiwe wakati wa kubadilishana namba.

Maneno hayo yapimwe kwa saa ya simu, yakisemwa kwa sauti, kwa kuwa kusoma kimoyomoyo huwa haraka zaidi. Yakivuka sekunde 30, dawa ni kuondoa sentensi nzima. Kuongeza kasi huharibu kila kitu. Kisha asikilizishwe mtu asiyeijua kazi hiyo, aulizwe baadaye amesikia nini. Akijibu “anashughulika na mambo ya kilimo”, kitendo bado hakijaonekana. Akijibu “anazuia mahindi yasiharibike, na anatafuta wanunuzi”, utambulisho umefika. Kukariri neno kwa neno kuna hatari pia: mtu akikatizwa hulazimika kuanza upya. Inatosha kushika mpangilio wa jina, kitendo, tukio, hitaji na swali.

Anayesikiliza akibadilika, mwisho nao hubadilika. Kwa afisa wa benki, hitaji litakuwa mkopo wa kikundi kununua vipima unyevu, na swali litahusu masharti ya dhamana. Mzee husalimiwa kwanza kwa shikamoo, na haifai kuanza kujieleza kabla hajaitikia marahaba na kumaliza kuuliza habari. Sekunde 30 huhesabiwa baada ya hapo, na akiuliza swali katikati, hujibiwa wakati huohuo hata kama sentensi mbili hazijasemwa.